Keto kwenye sinia la Amu: Kilo tatu za wiki ya kwanza hutoka wapi, na nani asijaribu bila daktari

Bila shaka umeiona Tiktok. Jamaa anapanda mizani Jumatatu, wiki moja baadaye anapanda tena, kilo tatu hazipo. Siri yake, anasema, ni keto: achana na wali, achana na mkate, achana na sukari, kula nyama, mayai na mafuta hadi ushibe. Nawe uko zako Amu, samaki wanateremshwa gatini kila asubuhi, nazi hazikosekani sokoni, unajiambia mlo huu kama vile umetungwa kwa ajili ya visiwa vyetu.

Jamaa hadanganyi kuhusu mizani. Kilo hupungua kweli, tena haraka. Asichokwambia ni mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta. La pili, chungu hicho hicho unachokula wewe ukapungua kitambi kinaweza kumwangusha mama yako sebuleni siku hiyo hiyo, kama anameza dawa fulani za sukari. Tuyachukue moja moja.

Sinia la kawaida lina wanga kiasi gani?

Tuseme una miaka 26, una kilo 90, unakaa Langoni na kazi yako ni kuendesha boti kati ya Amu na Mokowe. Asubuhi unapiga mahamri matatu na kibakuli cha mbaazi za nazi, na chai ya vijiko viwili vya sukari. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Usiku chapati mbili, mchuzi kidogo na soda moja ya kuteremshia.

Sasa tuhesabu. Hamri moja la saizi ya kawaida lina kama gramu 25 za wanga, kwa hiyo matatu ni 75. Ukiongeza mbaazi na sukari ya chai, unatoka nyumbani na gramu 110 hivi. Wali wa mchana, vikombe viwili vilivyoiva, ni kama gramu 90. Chapati mbili ni 70, na soda ya mililita 300 ina zaidi ya 30. Jumla ya siku ni gramu 300, na hapo hujaonja tende wala halua.

Mlo wa keto unakutaka ubaki kati ya gramu 20 na 50 kwa siku nzima. Ndiyo, siku nzima. Hamri moja tu limekula nusu ya kiwango cha juu. Kikombe kimoja cha wali kimekimaliza karibu chote. Hata glasi ya maji ya madafu, ambayo wengi huihesabu kama maji tu, ina gramu 9 hivi. Mkate wa mofa nao, kwa kuwa ni wa nafaka, hauponi kwa sababu tu ni wa asili. Muhogo, viazi vitamu, ndizi na embe zote ziko upande uliokatazwa.

Kinachobaki ni samaki, pweza, kamba, mayai, nyama, tui zito, samli, parachichi, na mboga kama mchicha na bamia. Na hapa wengi huteleza. Keto si mlo wa samaki tupu. Nguvu nyingi za mwili, kama asilimia 70 au zaidi, zinatakiwa zitoke kwenye mafuta. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku anahitaji takriban gramu 155 za mafuta kufikia kiwango hicho. Changu wa kuchoma na kachumbari, ukila asubuhi, mchana na jioni, hautakufikisha hapo. Utakuwa unakula protini nyingi na kuhisi njaa, halafu useme keto haifanyi kazi.

Mwili ukikosa wanga hufanyaje?

Ukila wali, wanga huvunjwavunjwa hadi kuwa glukosi, ile sukari inayozunguka kwenye damu. Kongosho hutoa homoni ya insulini, na insulini ndiyo inayofungua njia ili sukari hiyo iingie kwenye seli ikatumike. Inayobaki hufungashwa na kuwekwa akiba iitwayo glikojeni, kwenye ini kama gramu 100 na kwenye misuli kama gramu 400. Insulini hufanya na kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: huzuia mafuta ya mwilini yasifunguliwe ovyo, na huiambia figo ishikilie chumvi.

Ukikata wanga, insulini hushuka. Ndani ya siku moja au mbili akiba ya ini hupungua sana. Mafuta ya mwilini sasa yanafunguliwa na kupelekwa kwenye damu, na misuli inayachoma moja kwa moja. Tatizo ni ubongo. Ubongo hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, na hauna uwezo wa kuchoma mafuta hayo kama yalivyo. Hapo ini huingia kazini. Huyachukua mafuta, likayageuza kuwa vipande vidogo viitwavyo ketoni, ambavyo huelea kwenye damu na kuingia kwenye ubongo bila shida. Ini lenyewe haliwezi kuzitumia, linapikia wenzake tu.

Hali hiyo ya damu kuwa na ketoni za kutosha ndiyo inayoitwa ketosisi. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Ikipimwa kwa tone la damu, ketoni huwa kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita. Na usidhani sukari ya damu imeisha. Ini huendelea kutengeneza glukosi kidogo kutokana na protini na sehemu ya mafuta, ndiyo maana mtu mzima wa afya hazirai kwa sababu tu ameacha wali.

Hili si jambo la juzi. Jina lenyewe la mlo wa ketojeni lilitolewa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Kliniki ya Mayo huko Marekani. Hakuwa akitafuta kupunguza vitambi. Alikuwa akitibu kifafa, kwa kuwa madaktari walishaona kwamba mgonjwa akikaa na njaa degedege hupungua, wakatafuta mlo ambao ungeuhadaa mwili udhani umefunga. Hadi leo mlo huo hutumika kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa, lakini hupimwa gramu kwa gramu na wataalamu, na dawa haziachwi.

Wiki ya kwanza, siku kwa siku

Turudi kwako, nahodha wa kilo 90. Siku ya kwanza unaona mambo rahisi. Siku ya pili na ya tatu unashangaa mbona unakwenda chooni mara kwa mara. Sababu ni mbili. Kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu kama 3 za maji, hivyo akiba ikitumika, maji yake hutoka. Na kwa kuwa insulini imeshuka, figo imeacha kushikilia chumvi, na chumvi ikitoka huvuta maji nyuma yake.

Siku ya saba unapanda mizani: kilo 87. Shangwe! Lakini hebu tuzigawe hizo kilo tatu. Glikojeni ikitumika karibu yote ni nusu kilo, na maji yake kilo moja na nusu. Hapo tayari ni mbili. Mafuta je? Tuseme kwa kuacha mahamri na soda umepunguza kalori 700 kila siku. Kwa siku saba ni 4,900. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kwa hiyo mafuta uliyoyachoma ni kama gramu 640, hazifiki hata robo tatu ya kilo. Kinachobaki ni maji mengine yaliyofuata chumvi, na chakula kidogo tumboni.

Ndiyo maana wikendi ukialikwa harusi ukala biriani sahani mbili, Jumatatu mizani inakusomea kilo mbili zaidi. Usijilaumu, hukunenepa kilo mbili kwa usiku mmoja. Akiba imejazwa tena na maji yake yamerudi. Ukilielewa hili, utaacha kuruka furaha siku ya saba na kulia siku ya tisa.

Lakini chumvi na maji yanayotoka yana bei. Kati ya siku ya tatu na ya saba wengi hupata kichwa kuuma, uchovu, kizunguzungu wakisimama ghafla, misuli ya miguu kukaza usiku, hasira za bure na usingizi wa mang'amung'amu. Wengine hufunga choo kwa kuwa nyuzinyuzi zimepungua. Pumzi nayo hubadilika, ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni, aina mojawapo ya ketoni, inatoka kwa mapafu. Mswaki hautaiondoa.

Sasa fikiria unapata hayo yote ukiwa juani kwenye boti, jasho linakutoka tangu saa mbili asubuhi. Jasho pia ni chumvi. Kizunguzungu cha sebuleni kinakukalisha kwenye kochi. Kizunguzungu cha ukingoni mwa boti ni habari nyingine.

Kosa la kawaida hapa ni kunywa maji matupu lita juu ya lita. Maji bila chumvi huzidi kuipunguza makali chumvi iliyobaki kwenye damu, na kichwa kinazidi kuuma. Kinachosaidia kwa mtu mwenye afya, ambaye hana presha wala ugonjwa wa figo, ni kikombe kimoja au viwili vya supu ya samaki au ya mifupa yenye chumvi kila siku, na maji kadiri ya kiu. Dalili hizi kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Zisipoisha, au moyo ukienda mbio bila sababu, au ukazirai, hiyo si keto tena ya kuvumiliwa. Kula wanga, nenda ukapimwe.

Kuna swali la Ramadhani pia, kwa kuwa wengi hutaka kuunganisha mambo mawili. Mtu anayefunga hanywi maji kutwa nzima. Akianza keto wiki hiyo hiyo, anapoteza maji na chumvi kwa njia mbili na ana saa chache za usiku kuyarudisha. Kama ni lazima ujaribu, usianzie kwenye mwezi huo.

Na baada ya wiki ya kwanza? Mafuta huendelea kupungua iwapo unakula kalori chache kuliko unazotumia, na keto huwasaidia baadhi ya watu kwa sababu protini na mafuta hushibisha. Lakini usitegemee muujiza. Utafiti mmoja mkubwa wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu wazima 609 kwa mwaka mzima. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 6, wa pili kilo 5.3, tofauti ndogo isiyokuwa na uzito kitakwimu. Walipunguza wanga bila kubaki kwenye keto kali mwaka mzima, lakini funzo ni lile lile: mlo unaoweza kuufuata mwaka mzima ndio unaokufaa.

Ketosisi si ketoasidosisi

Haya majina mawili yanafanana, na watu huyachanganya kwa hatari. Ketosisi ni ketoni chache zinazodhibitiwa. Mtu mwenye kongosho zima ana breki: ketoni zikipanda, kongosho hutoa insulini kidogo, mafuta yakazuiwa kufunguliwa, ketoni zikashuka.

Ketoasidosisi ni gari bila breki. Insulini ya kutosha haipo, mafuta yanafunguka yote, ini linapika ketoni bila kukoma, na kwa kuwa ketoni ni tindikali, damu nzima inakuwa na tindikali kupita kiasi. Mtu hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa nguvu na kwa haraka kama aliyetoka kukimbia, akili humpotea. Bila matibabu ya hospitali hufa. Anayeweza kufika huko kwa urahisi zaidi ni mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini. Huyo kupunguza wanga na sindano kwa kujipangia mwenyewe ni kucheza na roho.

Zile karatasi za kuchovya kwenye mkojo hazitakutofautishia hali hizi mbili. Huonyesha tu kwamba ketoni zinatoka. Tena baada ya wiki kadhaa rangi yake huweza kufifia ilhali bado uko kwenye ketosisi, kwa sababu mwili umejifunza kuzitumia na humwaga chache. Wewe unaona rangi imepotea, unadhani umeharibu mlo, unazidi kujinyima bure.

Chungu kimoja, dawa ya mama

Nyumbani hupikwa chungu kimoja. Wewe umeamua keto, dada zako wamekuunga mkono, na mama naye, ambaye ana kisukari cha aina ya pili, anaona afadhali, maana hata kliniki walimwambia apunguze wali. Kwa hiyo leo hakuna wali wala sima. Ni samaki wa tui na mchicha. Wazo si baya. Kupunguza wanga kweli hushusha sukari. Tatizo ni kidonge alichomeza asubuhi.

Kidonge kinachotumika sana kwetu kinaitwa glibenklamidi. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini. Nacho hakiulizi umekula nini. Dozi ya mama ilipangwa na daktari kwa mtu anayekula sahani ya wali mchana na chapati usiku. Wanga umeondoka, dozi imebaki ile ile, insulini inatoka kama kawaida na haina sukari ya kutosha ya kushughulikia. Sukari ya damu inashuka chini ya 4 kwenye mashine, na mama anaanza kutoka jasho la baridi, kutetemeka, kuhisi njaa kali, kusema maneno yasiyoeleweka. Anayechoma sindano ya insulini yuko kwenye hatari hiyo hiyo.

Ukimkuta hivyo na bado anameza vizuri, usimpe samaki wala parachichi, na usisubiri kwanza upate mashine. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Kisha mpe chakula chenye wanga. Kama amezirai, usimtie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mpelekeni hospitali.

Na hata akizinduka akacheka, safari ya hospitali iko palepale. Glibenklamidi hukaa mwilini kwa saa nyingi, na sukari yaweza kushuka tena usiku, hata baada ya yeye kulala akiwa mzima. Kwa anayekaa Mkomani, Hospitali ya King Fahd si safari. Kwa anayekaa Kizingitini, Faza au Siyu, kufika Amu ni mwendo wa boti, na wajua mwenyewe njia ya Mkanda inasubiri maji kujaa, na usiku wa kusi bahari haina urafiki. Ndiyo maana kwenye visiwa hivi jambo hili hupangwa kabla ya chungu kubadilishwa, si baada ya mtu kuanguka. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa, na mama akapimwa sukari mara kadhaa kwa siku katika siku za mwanzo. Akiwa anatumia metfomini peke yake, hatari ya kushuka hivyo ni ndogo sana, kwa kuwa metfomini hailikamui kongosho. Hata hivyo daktari aambiwe.

Sukari inasoma vizuri, mtu anazidiwa

Kuna kundi jipya la dawa za sukari ambalo majina yake huishia na "gliflozini", kama dapagliflozini na empagliflozini. Hizi hufanya figo imwage sukari kwenye mkojo. Ni dawa nzuri, hata wagonjwa wa moyo hupewa. Lakini zikikutana na keto, mambo mawili yanasukuma upande mmoja: wanga hauingii, na hata sukari iliyopo inamwagwa. Insulini inashuka sana, ketoni zinapanda.

Mtego wake ni huu. Mgonjwa anatapika, tumbo linauma, anahema. Nyumbani mnapima sukari, mashine inasoma 9 au 10, mnasema, "Ah, si sukari hii, labda amekula samaki mbovu." Kumbe ni ketoasidosisi yenye sukari ya kawaida. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2015. Kwa hiyo mwenye dawa hizi akitapika au akipumua kwa nguvu, usiitegemee mashine ya sukari. Apelekwe, na waambieni waziwazi: anatumia dawa hii, na alikuwa ameacha wanga.

Kundi jingine linaweza kukushangaza, kwa kuwa hawana ugonjwa wowote. Ni kina mama wanaonyonyesha. Maziwa yana sukari yake, na mwili wa mama huitoa sukari hiyo kwenye damu yake kila siku. Mwaka 2015 madaktari wa Uswidi waliripoti kisa cha mama wa miaka 32, mwenye mtoto wa miezi 10 anayenyonya, ambaye hakuwa na kisukari. Alikuwa kwenye mlo wa wanga usiozidi gramu 20 kwa siku, akapungua kilo 4 ndani ya siku 10. Kisha kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio, kutetemeka na misuli kukakamaa. Damu yake ilikutwa imejaa tindikali. Alitibiwa hospitali kwa glukosi na insulini, akapona.

Visa vya namna hiyo ni vichache, lakini dada uliyejifungua juzi na unataka kurudia kiuno chako, wewe si wa kuanza na keto. Subiri mtoto aache ziwa. Aliye mjamzito naye asubiri.

Wengine wa kusimama kwanza

Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila daktari wake, kwa kuwa chumvi, maji na protini kwake hupimwa. Anayemeza dawa za presha, hasa zile za kukojoza maji, aambiwe kwamba keto nayo hukojoza. Vikiungana, presha yaweza kushuka hadi akadondoka akisimama. Dozi huenda ikahitaji kupunguzwa, na ule ushauri wa supu ya chumvi haumhusu.

Mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo anaweza kupatwa na maumivu makali mafuta yakizidi, na aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho asiguse kabisa mlo huu bila ruhusa. Mwenye selimundu akumbuke kwamba kukaukiwa maji ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu yake, na wiki ya kwanza ya keto ni wiki ya kukauka. Na kama umewahi kuwa na mazoea ya kujinyima chakula au kujitapisha, mlo wenye marufuku nyingi hivi unaweza kukurudisha ulikotoka.

Hata mwenye afya kamili apime mafuta ya damu kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu hivi. Kwa baadhi ya watu kolestroli mbaya hupanda sana kwenye keto, na haina dalili, huwezi kuihisi. Ukila samaki, parachichi na korosho chache badala ya kuogelea kwenye samli na mafuta ya nyama, huwa afadhali. Tui pia lina mafuta mazito, halisamehewi kwa sababu ni la kwetu.

Kabla hujabadilisha chungu

Kama baada ya yote haya bado unataka, fanya mambo haya kwa mpangilio. Kwanza kusanya dawa zote zinazomezwa nyumbani na wanaokula chungu kimoja nawe, soma majina kwenye pakiti. Ukiona glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi, insulini, jina linaloishia na gliflozini, au dawa ya kukojoza maji, mtu huyo apikiwe chake kama kawaida hadi amwone daktari. Pili, chagua wiki ambayo huna kazi nzito ya juani. Tatu, jipime uzani siku ya saba ukijua kwamba unapima maji, kisha pima tena wiki ya nne ndipo ujue mafuta.

Na kama hutaki keto kamili, rudi kwenye ile hesabu yetu ya mwanzo. Ukiondoa soda, mahamri mawili kati ya matatu, na chapati moja, umepunguza zaidi ya gramu 110 za wanga na kalori nyingi tu, bila ketosisi, bila kichwa kuuma, na wali wa mama wa mchana umebaki mezani.